Somo: Lebo ya siagi ya karanga, kuanzia kopo tupu hadi rafuni

Tuchukue kopo la siagi ya karanga la gramu 400. Nimeichagua kwa makusudi, maana mafuta yake huharibu lebo haraka.

1. Pima kopo kabla ya kwenda kwa mchoraji

Zungushia kopo kipande cha karatasi, weka alama pale ncha zinapokutana, kisha pima kwa rula. Kopo lenye kipenyo cha sm 7 lina mzunguko wa kama sm 22. Kwa urefu, lebo iishie pale ukuta wa kopo unaponyooka. Ikipanda hadi kwenye bega itafanya mikunjo, na stika yenye mikunjo hubanduka.

Mteja aliyesimama mbele ya rafu anaona karibu theluthi tu ya mzunguko huo. Kwa hiyo jina la biashara, maneno "Siagi ya Karanga" na uzito vikae ndani ya sm 7 za mbele. Wengi hujaza picha ya karanga hapo, uzito ukatupwa nyuma kwa maandishi ya sisimizi.

2. Uzito

Usiandike uzito kwa kusoma namba iliyo chini ya kopo. Ile ni mililita, yaani nafasi. Kopo la mililita 400 likijaa asali hubeba karibu gramu 560. Likijaa unga halifiki hata 300.

Weka kopo tupu na kifuniko chake kwenye mzani, rudisha mzani kwenye sifuri, ndipo ujaze hadi usome 400. Lebo iseme "Uzito halisi: 400 g", bila kopo. Mzani wenyewe uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Muuza duka akishuku atalipima kopo lako mbele ya wateja, na gramu 370 hazina maelezo.

3. Viambato

Vipange kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Mfano, mchanganyiko wa kilo 10: karanga zilizokaangwa kilo 9.5, sukari gramu 400, chumvi gramu 100. Lebo itasomeka hivi:

"Viambato: karanga zilizokaangwa (95%), sukari, chumvi. Ina karanga: haifai kwa mwenye mzio wa karanga."

Ukiongeza mafuta ya kula ili iwe laini, yaandike. Usiandike "haina sumukuvu" kama huna majibu ya maabara, wala usidai inatibu chochote. Alama ya TBS nayo haichapwi mpaka uwe na leseni ya kuitumia.

4. Mtengenezaji, toleo na tarehe

Andika jina la mtengenezaji, mtaa, wilaya, mkoa, "Imetengenezwa Tanzania", na namba ya simu inayopokelewa saa za kazi. Namba ya toleo na tarehe hubadilika kila unaposaga, kwa hiyo acha kisanduku cheupe ugonge muhuri. Mwambie mchapaji kisanduku hicho kisiwe cha kung'aa, vinginevyo wino utafutika kwa kidole.

5. Jaribu stika moja kwanza

Pangusa kopo hadi likauke mafuta, bandika, kisha sugua maandishi kwa kidole chenye mafuta ya karanga. Wino ukitapakaa, hiyo printa haifai kwa kazi hii. Omba stika ya plastiki au uchapaji wa leza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tarehe ya mwisho wa matumizi naipangaje? Nimeona wengi wanaandika mwaka mmoja.*

Usinakili ya jirani, dada. Tenga makopo ya toleo moja mahali penye joto kama la dukani, fungua moja kila mwezi, nusa na uonje. Mwezi utakaosikia ladha ya mafuta yaliyochacha, tarehe yako iwe kabla yake kwa nafasi ya kutosha. Majibu ya maabara ukiyapata, fuata hayo.

*Wateja wangu wanarudisha makopo wakiona mafuta juu, wanadhani imeharibika.*

Hiyo dawa yake ni mstari mmoja kwenye lebo: "Mafuta kupanda juu ni kawaida. Koroga kabla ya kutumia." Uweke karibu na maelekezo ya kuhifadhi.

*Msimbo pau ni lazima? Rafiki yangu kaniambia nichukue wa bidhaa nyingine mtandaoni.*

Kwa duka la mtaani haulazimiki, ila supamaketi nyingi watakudai. Usichukue wa mwenzio kaka. Ukipita kwenye mashine litatokea jina na bei ya bidhaa yake. Omba wako GS1 Tanzania, huanza na 620. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe, na uache nafasi tupu pande zote mbili. Nyekundu usiiguse hata kama ndiyo rangi ya biashara yako: mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari hiyo haionekani kabisa.