SOMO: PESTEL ya kampuni ya chakula, na jinsi ya kubakiza mambo machache yenye uzito

PESTEL ni jedwali la mambo ya nje yanayoigusa biashara. Kila mara mtu analeta lake la mistari thelathini anauliza, "Limekaa sawa?" Naandika mara moja, wengine nitawaelekeza hapa.

Mfano wetu ni kiwanda kidogo cha Mtwara. Kinanunua tani 40 za korosho ghafi kwa msimu, kinabangua, kinakaanga na kuuza pakiti Dar es Salaam.

1. Andika bidhaa, soko na muda unaoutazama. Hapa ni mwaka mmoja.

2. Jaza makundi sita: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira, sheria. Usichuje bado.

3. Futa kisichobadilika. Usajili wa TBS ni lazima, uende kwenye orodha ya kazi. Kinachobaki kwenye PESTEL ni badiliko la masharti hayo, kama 2019 usimamizi wa chakula ulipotoka TFDA kwenda TBS.

4. Kila jambo liandikie njia linayopita hadi mfukoni. "Uchumi: dola" haisemi kitu. Andika hivi: bei ya mnadani inafuata soko la dunia la dola, shilingi ikishuka, ghafi inapanda, na sisi tunauza kwa shilingi. Anayeuza nje kwa dola analiona jambo hilohilo kwa sura nyingine kabisa.

5. Ligeuze kuwa shilingi. Tuseme kilo moja ya ghafi inatoa gramu 220 za korosho iliyobanguliwa. Ghafi ikipanda shilingi 300 kwa kilo, kila kilo iliyobanguliwa imepanda kama 1,360, na kwa tani 40 unahitaji milioni 12 zaidi. Fedha hizo unazitafuta Oktoba hadi Desemba, wakati pakiti utaziuza mwaka mzima. Jambo lisilogusa hata mstari mmoja wa bajeti, lifute.

6. Chuja. Hapa ndipo majedwali mengi yanaharibikia, someni taratibu. Kawaida tunapima uwezekano 1 hadi 5, athari 1 hadi 5, kisha tunazidisha. Bei ya vifungashio kupanda: uwezekano 5, athari 2, zao 10. Serikali kubadili ghafla utaratibu wa ununuzi: uwezekano 1, athari 5, zao 5. Kwa hesabu hiyo vifungashio vinashinda. Lakini Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kazini kuikusanya. Mbanguaji aliyesubiri mnada bila ghafi ghalani alikuwa anatazama mashine zilizolala. Kuzidisha kunaficha kitu cha aina hiyo.

Kwa hiyo tenganisha. Chenye athari 5 kinabaki hata uwezekano wake ukiwa 1, na kinapewa mpango wake (mfano: ghafi ya miezi miwili iwe ghalani kabla ya minada kuanza). Vingine vipange kwa zao la namba.

ONYO: usihesabu jambo moja mara tatu. Tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje inaweza kukaa kwenye siasa, uchumi na sheria. Chagua kundi moja. Ukiiacha kote, itaonekana nzito kuliko ilivyo.

MASWALI

Kijana_wa_Masasi: Mkuu nitumie iliyojazwa tayari, niipeleke benki kesho.

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 4.

Kijana_wa_Masasi: Nauza unga wa muhogo, si korosho.

Jibu: Ndiyo maana iliyojazwa haikufai.

Mama_Ntilie_Plus: Jirani kafungua kiwanda kama changu. Naweka kundi gani?

Jibu: Hakuna, dada. Huyo ni mshindani, anachambuliwa kwenye uchambuzi wa sekta. PESTEL ni ya yale yanayowapiga nyote wawili.

Samaki_Kilwa: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huku kwetu. Kwa korosho umeliacha, kwangu je?

Jibu: Swali zuri sana. Korosho iliyofungwa vizuri inasubiri. Kinachochelewa ni fedha, nitaipa athari 2. Samaki wabichi kwenye barafu hawasubiri, kwako ni 5 na linabaki bila kujali namba nyingine. Hesabu mzigo mmoja unaokaa njiani una thamani gani, ongeza barafu ya ziada, kisha linganisha na gharama ya kukausha sehemu ya samaki miezi ya masika. Utajua kama mpango wa pili unalipa.

Mbanguaji_T: Hiyo gramu 220 umeitoa wapi? Ghafi yangu hainipi hivyo.

Jibu: Ni ya mfano, weka yako. Chukua kilo moja kutoka magunia tofauti, pasua zote, pima nzuri kando na zenye madoa kando. Gramu za nzuri jumlisha nusu ya zenye madoa, zidisha 0.176, unapata KOR, yaani ratili kwa gunia la kilo 80. Ila kiwandani utapata pungufu ya hapo, kwa sababu ya ganda la ndani na vipande vinavyopotea. Bajeti itumie namba ya kiwandani.

Mbanguaji_T: Ghafi ikiwa na unyevu?

Jibu: Anika kwanza, halafu ndiyo upime.