Kuandika upya kichwa na sentensi ya kwanza ya barua pepe ili meneja aidhinishe ombi

Wiki iliyopita nilimsaidia kijana mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Barua pepe yake ya kuomba fedha za kutengeneza kompresa ilikuwa imekaa siku mbili bila kujibiwa, huku chumba cha baridi kinachopaswa kubaki nyuzi −18 kikisoma −15. Barua ilianza hivi:

Kichwa: YAH: OMBI LA MANUNUZI
"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima wa afya pamoja na familia. Kama utakavyokumbuka katika kikao kilichopita…"

Hatua ya 1. Tambua uamuzi mmoja unaoutaka. Hapa ulikuwa idhini ya Sh 2,350,000.

Hatua ya 2. Andika sentensi ya kwanza kabla ya kichwa

Wengi huanza na kichwa, nami siafiki, kwa sababu kichwa kizuri hukatwa kutoka katika sentensi iliyokwisha kukamilika. Sentensi hiyo ibebe mambo manne: kitendo, kiasi, mwisho wa muda, na sababu ya muda huo. Yetu ikawa hivi:

"Naomba uidhinishe Sh 2,350,000 za sili na mafuta ya kompresa ya chumba cha baridi namba 2 kabla ya Jumatano saa 8 mchana, ili vifaa vipakiwe kwenye basi la jioni kutoka Dar es Salaam na kumkuta fundi, ambaye yupo Mwanza hadi Ijumaa tu."

Hatua hii ndiyo iliyowahi kunigharimu siku nzima, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Niliandika "kabla ya saa 4" nikimaanisha saa nne asubuhi, na meneja wangu wa wakati huo, aliyezoea saa za Kiingereza, akaelewa saa kumi jioni. Alipoidhinisha saa tisa alasiri, akiamini bado yuko ndani ya muda, muuzaji alikwisha kumpa mteja mwingine kifaa. Tangu siku hiyo siandiki saa bila kutaja asubuhi, mchana au jioni, na msomaji akiwa mgeni naongeza saa kwa mfumo wa 24, yaani "saa 8 mchana (14:00)".

Muda unaoutaja lazima uwe wa kweli. Ukiandika Jumatano na meneja akagundua kwamba hata Jumatatu ya wiki inayofuata ingefaa, ombi lako lijalo litasubiri. Ndiyo maana sababu ya muda hukaa katika sentensi ileile, kwani fundi anayeondoka Ijumaa ni jambo ambalo meneja anaweza kulipima mwenyewe, ilhali neno "HARAKA" halimpi cha kupima.

Kuhusu salamu, sikubaliani na wanaoiondoa kabisa. Kwa meneja mwenye umri wa mzazi wako, "Shikamoo mzee," inatosha, kisha ombi lifuate papo hapo. Kumbuka kwamba kwenye simu, chini ya kichwa huonekana maneno machache tu ya mwanzo wa barua. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni desturi ya barua ya karatasi, na katika simu huijaza nafasi hiyo yote bila kusema lolote. Habari za familia na za kikao zishuke mwishoni.

Hatua ya 3. Kata kichwa kutoka katika sentensi

Kitendo na kiasi vitangulie, kwa kuwa simu hukata mwisho wa kichwa: "Idhini Sh 2,350,000 kabla ya Jumatano saa 8 mchana: kompresa chumba 2". Ondoa "YAH:" na herufi kubwa tupu.

Usijibu juu ya mazungumzo ya zamani. Kijana wetu aliwahi kuweka ombi jingine ndani ya barua yenye kichwa "Re: Re: Taarifa ya stoo", na meneja akadhani ni taarifa ileile aliyokwisha kuisoma. Katika Gmail ya kompyuta unaweza kuchagua `Edit subject` unapojibu, lakini mimi napendelea kuanza upya kwa `Compose`. Ambatisha profoma tena, kwa kuwa viambatisho vya barua ya zamani havitakufuata.

Hatua ya 4. Jitumie barua hiyo kwanza, kisha itazame kwenye orodha ya barua katika simu yako bila kuifungua. Kama hujaona kitendo na kiasi, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5. Weka jina la mwamuzi mmoja tu kwenye `To`, mhasibu awe kwenye `Cc`, na mstari wa mwisho useme: "Jibu la neno 'Nimeidhinisha' linatosha, mhasibu ana nakala." Jumanne asubuhi meneja alijibu neno hilo moja kutoka kwenye simu, na Alhamisi fundi alipokea vifaa.