SOMO: Gematria ya Kiebrania hatua kwa hatua (na kwa nini haikuambii nyota yako)

Wakuu, naandika hili mara moja tu ili nikiulizwa tena niweke kiungo na kuendelea na shughuli zangu. Kila wiki inbox yangu inajaa "nihesabie jina langu kwa gematria". Gematria ni njia ya Wayahudi ya kujumlisha thamani za herufi za neno la Kiebrania na kulilinganisha na neno jingine la andiko lenye jumla ileile; kuhesabu namba ya jina ni kitu kingine kabisa. Someni mpaka mwisho, halafu maswali yaje.

Tutatumia mfano mmoja kuanzia juu hadi chini: Mwanzo 14:14. Lutu ametekwa, Abramu anawapa silaha vijana waliozaliwa nyumbani mwake, watu 318, na kuwafuata wateka nyara mpaka Dani.

Hatua ya 1. Anza na swali lililomo kwenye andiko.
Kwa nini 318? Si 300, si "watu wengi". Namba kamili namna hii, na hakuna hata mmoja wao anayetajwa jina. Walimu wa kale wa Kiyahudi walipokuta kitu kama hiki walisimama. Kama huna swali, huna cha kuhesabu.

Hatua ya 2. Jua thamani za herufi.
Ziko 22. Alefu mpaka teti ni 1 hadi 9. Yodi ni 10, kafu 20, lamedi 30, memu 40, nuni 50, sameki 60, aini 70, pe 80, tsade 90. Kofu 100, reshi 200, shini 300, tau 400. Basi. Anayetaka kuukariri mpangilio afungue Zaburi 119: ina mafungu 22 ya aya nane nane, na katika Kiebrania kila fungu aya zake zote zinaanza na herufi moja, kwa mfuatano huohuo.

Hatua ya 3. Pata maandishi ya neno kama yalivyo kwenye aya ile.
Hapa ndipo watu wanaumia, na mimi niliumia hapa, kwa hiyo someni taratibu. Huhesabu matamshi. Huhesabu tafsiri ya Kiswahili. Unahesabu herufi za Kiebrania zilizoandikwa, na irabu zile za nukta hazina thamani yoyote. Gombo la Torati linalosomwa sinagogi halina nukta hizo kabisa.

Chukua Daudi. Katika vitabu vya Samweli kwa kawaida anaandikwa daleti, vavu, daleti: 4 + 6 + 4 = 14. Ndiyo maana wafasiri wengi, wakisoma Mathayo 1:17 inayopanga ukoo wa Yesu katika vizazi 14 mara tatu, humwona Daudi nyuma ya namba hiyo. Sasa fungua Mambo ya Nyakati: mfalme yuleyule anaandikwa na yodi katikati, na jumla inaruka kuwa 24. Mtu mmoja, matamshi yaleyale, jumla mbili. Ukichukua maandishi kutoka kamusi ya Kiebrania cha leo, ambayo hupenda kuongeza vavu na yodi kumsaidia msomaji, utajenga nyumba nzima juu ya herufi ambayo haimo kwenye aya yako. Dalili ya kosa ni rahisi: jumla yako imepishana na ya wenzako kwa 6 au kwa 10 kamili. Ukiona hivyo, rudi kwenye maandishi kabla hujagombana na mtu.

Tahadhari ya pili: herufi tano (kafu, memu, nuni, pe, tsade) zina umbo tofauti zikiwa mwisho wa neno. Kwa hesabu ya kawaida thamani haibadiliki. Ipo njia nyingine inayozipa 500 mpaka 900. Ukiitumia, sema umeitumia. Usichanganye njia mbili katika hesabu moja.

Hatua ya 4. Jumlisha, kisha acha.
Eliezeri: alefu 1, lamedi 30, yodi 10, aini 70, zaini 7, reshi 200. Jumla 318. Usizijumlishe tarakimu hizo tena kupata moja. 318 inabaki 318.

Hatua ya 5. Linganisha, kisha dai sababu ya tatu.
Eliezeri ni nani? Sura inayofuata, Mwanzo 15:2, Abramu analalamika kwamba hana mtoto na mrithi wa nyumba yake ni Eliezeri wa Dameski. Kwa hiyo tuna namba isiyo na majina, na aya chache mbele tuna jina la mtu wa nyumba ileile lenye jumla ileile. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya walimu hao wa kale, katika Nedarimu 32a imehifadhi usomaji huo: wale 318 walikuwa Eliezeri peke yake. Maana yake ni kwamba Abramu alikwenda vitani na mtumishi mmoja, na ushindi haukutokana na wingi wa watu.

Angalieni mambo matatu yanayoshikana: jumla sawa, ukaribu katika andiko, na maana inayotoka hapo. Jumla pekee haifai kitu. Kuna maneno mengi sana yenye jumla moja, na mengi hayana la kuambiana.

Mfano mfupi wa pili. Divai kwa Kiebrania ni yodi, yodi, nuni: 70. Siri ni sameki, vavu, daleti: 70. Usemi wenyewe katika Talmudi ni "divai ikiingia, siri hutoka". Usemi unaeleweka hata bila hesabu. Hesabu inaukaza tu.

Hatua ya 6. Ujue uzito wake.
Pirkei Avoti, kitabu cha misemo ya walimu wa kale wa Kiyahudi, sura ya 3 inaiweka gematria pamoja na hesabu za majira ya anga kuwa vionjo vya pembeni ya hekima. Sheria zenyewe zinatajwa hapohapo kuwa ndizo kiini. Kwa hiyo anayekuja na fundisho jipya lililosimama juu ya jumla peke yake, mwacheni apite.

Tofauti na namba za majina
Zile hesabu za mtandaoni huanzia kwa mtu. Unapewa jedwali: A ni 1, B ni 2, mpaka I ni 9, halafu J inarudi kuwa 1. NEEMA inakuwa 5 + 5 + 5 + 4 + 1 = 20, kisha 2 + 0 = 2, kisha unafungua ukurasa wa "watu wa namba 2" unasoma tabia zako. Hakuna aliyewahi kununua kitu sokoni kwa kuhesabu J kuwa 1. Thamani zile zimegawiwa kwa foleni tu. Herufi za Kiebrania zenyewe ni tarakimu, na mpaka leo Wayahudi huandika nazo miaka na sura za vitabu. Na wale wana visanduku tisa tu: watu kumi wakiingia chumbani, lazima angalau wawili wawe sanduku moja. Gematria haikupi tabia. Inaunganisha neno na neno, ndani ya andiko.

Karibuni.

---

Kapteni77: Mkuu somo zuri. Naomba nihesabie Baraka Joseph, nataka kufungua biashara.

Mwandishi: Hujasoma. Rudi juu.

Kapteni77: Nimesoma bro, ila jina langu ni la Kiebrania, lipo kwenye Biblia.

Mwandishi: Sawa, Yosefu ni yodi 10, vavu 6, sameki 60, pe 80. Jumla 156. Ya Baraka itafute mwenyewe kwa hatua ya 3. Kuhusu biashara 156 haisemi lolote. Kama una aya yenye swali, lete aya.

Binti_Mvita: Shikamoo mwalimu. Huku Pwani wazee wakitaka kujua nyota ya mtu wanauliza jina lake na la mama yake, wanahesabu kwa herufi za Kiarabu. Je, ni kitu kimoja na hiki?

Mwandishi: Marahaba binti yangu, swali zuri sana. Chombo ni ndugu, kazi ni tofauti. Abjadi ya Kiarabu inafuata mpangilio uleule: alifu 1, ba 2, jimu 3, dali 4, kwenda mpaka ta 400, halafu Waarabu wakaongeza herufi sita mpaka ghaini 1000. Ile 786 ambayo wengi mmeiona juu ya karatasi au duka ni jumla ya Bismillahi nzima kwa abjadi. Lakini wazee wako wakishajumlisha jina na la mama, wanatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki kinakuwa burji: 1 Hamali, 2 Thauri, na kuendelea. Kule kutoa ndiko kunakoigeuza kuwa utabiri. Inaanzia kwa mtu na kurudi kwa mtu, kama zile namba za mtandaoni, ingawa herufi zake kweli ni tarakimu.

Mtumishi_Eliya: Nimegundua siri nzito. Nyoka ni 358 na Masihi ni 358. Kwa hiyo Masihi wa Wayahudi ni nyoka!! Watu waamke.

Mwandishi: Hujagundua, imeandikwa karne nyingi. Nyoka: nuni 50, heti 8, shini 300. Masihi: memu 40, shini 300, yodi 10, heti 8. Jumla sawa, kweli. Wanaoitumia kwa kawaida husema kilichoharibiwa na yule kitatengenezwa na huyu. Wewe umeisoma kinyume kwa sababu jumla peke yake inaruhusu vyote viwili. Hatua ya 5.

Mtumishi_Eliya: Unatetea dini ya watu.

Mwandishi: Natetea kujumlisha.

Mwl_Senga: Nakubaliana na Mtumishi kwa upande mmoja tu: kama inaweza kwenda kokote, kwa nini tuiamini ya Eliezeri?

Mwandishi: Hapo umegusa ugomvi wa zamani, mwalimu. Abrahamu ibn Ezra, mfasiri wa karne ya 12 kutoka Hispania, alipofika aya hiihii ya 318 aliikataa. Alisema andiko halisemi kwa gematria, kwa maana anayetaka anaweza kuligeuza jina lolote kuwa jema au baya. Rashi, mfasiri wa Kiyahudi aliyemtangulia, aliuleta usomaji wa Eliezeri kama mapokeo. Na Wakristo wa mwanzo nao waliichukua 318 wakaihesabu Kigiriki: Waraka wa Barnaba sura ya 9 unaona tau ya Kigiriki, 300, kuwa msalaba, na iota na eta, 18, kuwa herufi mbili za kwanza za Yesu. Namba moja, nyumba mbili, kila moja imekuta kilicho chake. Mimi naiona ya Eliezeri ina nguvu zaidi kwa sababu inabaki ndani ya lugha na hadithi yenyewe, ila Ibn Ezra sithubutu kumpuuza.

dada_Zawadi: Nimesoma kuna "hesabu ndogo" ya Kiebrania inayofuta sifuri. Si ndiyo kupunguza ulikokukataza?

Mwandishi: Umechimba, hongera. Ipo. Yodi inakuwa 1, lamedi 3, reshi 2. Eliezeri inakuwa 1 + 3 + 1 + 7 + 7 + 2 = 21. Lakini unapunguza herufi, na jumla bado inalinganishwa na neno jingine. Ukiendelea kukamua mpaka tarakimu moja, 358 inakuwa 16 kisha 7, na 70 inakuwa 7. Nyoka, Masihi, divai na siri wote chumba kimoja.

Kapteni77: Nimeona kalenda ya Kiyahudi, tarehe 15 wameandika 9 na 6. Wamekosea?

Mwandishi: Sasa hili ni swali. Hawajakosea. 10 na 5 ni yodi na he, mwanzo wa jina la Mungu, kwa hiyo wanaandika teti na vavu, 9 na 6. Tarehe 16 vilevile: 9 na 7. Kuanzia 17 wanarudi kwenye kumi kama kawaida.