HbA1c ikisema uko salama na mashine ya kidole ikikataa

Sote tunaujua utaratibu wa nyumbani wa kupima kisukari: unalala bila kula, asubuhi unachomwa kidole, namba unapewa papo hapo. Ng'ambo mara nyingi utapimwa HbA1c, yaani himoglobini iliyoshikwa na sukari. Damu inatolewa mkononi saa yoyote, umekula au hujala, na majibu yanakuja kwa barua au kwenye simu. Hilo ni jepesi. Ninachotaka kukuonya ni jambo moja: majibu hayo yanaweza kuwa ya chini kuliko sukari yako halisi, mashine ya maabara ikiwa nzima kabisa na mpimaji akiwa hajakosea chochote. Mimi yalinikuta, na kliniki ikanirudisha nyumbani nikiwa na kisukari mwilini.

Ili uuone mtego ulipo, lazima ujue kipimo hiki kinapima nini. Chembe nyekundu ya damu haihitaji insulini ili sukari iingie ndani yake. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda na ndani ya chembe. Humo inakutana na himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, na sehemu ndogo ya sukari inanata kwenye ncha ya mnyororo wake. Hakuna kimeng'enya kinachosimamia kazi hiyo. Inakwenda polepole, na sukari ikishanata sawasawa haibanduki tena mpaka chembe ife. HbA1c ya asilimia 6 maana yake ni kwamba katika kila himoglobini 100, takriban 6 zimeshikwa namna hiyo.

Sasa ile miezi mitatu inatoka wapi? Inatoka kwenye umri wa chembe. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na bomba moja la damu lina chembe za kila umri, za jana na za miezi mitatu na kitu. Ndiyo maana kipimo kinabeba kumbukumbu ya muda mrefu. Lakini kumbukumbu hiyo hailingani. Sukari ya wiki chache zilizopita imezigusa karibu chembe zote zilizomo, ilhali sukari ya miezi mitatu nyuma iliwahi tu zile kongwe, ambazo nyingi zimeshakufa. Kwa hiyo takriban nusu ya namba yako inatokana na mwezi wa mwisho, na nusu nyingine inagawana miezi ya kabla yake.

Hapa niwaseme kidogo ndugu zetu, kwa upendo. Shangazi atakupigia akwambie ujinyime kula siku mbili kabla ya kipimo ili namba iwe nzuri. Shangazi, haisaidii. Siku mbili haziwezi kufuta kilichonata kwa wiki nane. Na ukianza dawa leo usikimbilie kupima baada ya wiki tatu ukakata tamaa, kwa sababu damu bado imejaa chembe zenye habari za zamani.

Umeona basi kwamba kipimo kizima kimesimama juu ya dhana moja, kwamba chembe zako zinaishi muda wa kawaida. Zikifa mapema, hazipati nafasi ya kukusanya sukari. Fikiria ukuta wa jikoni penye moshi: uliopakwa rangi majuzi utaonekana safi kuliko wa jirani, ingawa moshi ni uleule. Mtu ambaye chembe zake zinaishi siku 80 badala ya 120 atakuwa na HbA1c ya chini kwa sukari ileile. Namba nzuri, mwili unaumia.

Na sisi tuliotoka kwenye ukanda wa malaria tuna sababu za ziada za kuwa na chembe za namna hiyo. Vinasaba kadhaa vilienea kwetu kwa sababu vinasaidia dhidi ya malaria. Kimoja ni cha selimundu. Kingine, ambacho wengi hawajawahi hata kukisikia, ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu zisichakae haraka. Mtu anaweza kuishi na upungufu huo hadi uzee bila dalili yoyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia Wamarekani wenye asili ya Afrika na ukakuta kwamba wanaume wenye aina ya Kiafrika ya upungufu huu wana HbA1c iliyo chini kwa takriban 0.8 ya asilimia kuliko inavyopaswa. Mwingine wa mwaka huohuo ulikuta pungufu la takriban 0.3 kwa watu waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu. Ukizingatia kwamba kisukari hutangazwa kuanzia 6.5 na hali ya kukikaribia kuanzia 5.7, utaona kwamba 0.8 si kitu cha kupuuza.

Nieleze yangu kwa namba. Barua ilikuja imeandikwa 43 mmol/mol. Usiogope kipimo hicho kigeni: gawa kwa 10.929, jumlisha 2.15, unapata asilimia 6.1. (Dada yangu alipoona 43 alidhani ni sukari ya asubuhi, akaanza kulia kwenye simu. Tafadhali mkiwatumia ndugu majibu, watumieni asilimia.) Barua ikasema niko kwenye hali ya kukaribia kisukari, nipunguze uzito, nirudi mwaka ujao.

Lakini nyumbani nilikuwa na mashine ya kidole, na ilikuwa inaniambia mengine. Asubuhi kabla ya kula nilikuwa napata kati ya 7.4 na 7.9 mmol/L. Saa mbili baada ya chakula, 9 hadi 10. Kabla ya kulala, karibu 8.5. Nilipojumlisha zote na kugawa, wastani ulikuwa 8.6. Sasa linganisha. Ipo hesabu inayogeuza HbA1c kuwa wastani wa sukari: zidisha kwa 1.59, kisha toa 2.59. Kwa 6.1 inakuja 7.1. Yaani maabara ilikuwa inadai wastani wangu ni 7.1, kidole kinasema 8.6. Ukiigeuza upande wa pili, wastani wa 8.6 ungepaswa kutoa HbA1c ya 7.0. Tofauti ni 0.9, na huo si mchezo wa mashine ndogo tu. (Kama mashine yako inaonyesha namba kama 140 au 155, gawa kwa 18 kwanza.)

Nisisitize: hesabu hii ina maana kama umepima saa mbalimbali za siku, kwa siku nyingi. Ukipima tu baada ya kula, wastani wako utakuwa juu bure na daktari atakucheka. Tofauti ndogo ya 0.2 au 0.3 nayo isikukoseshe usingizi.

Niliporudi na daftari langu, muuguzi alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema HbA1c ndiyo kipimo cha kuaminika na mashine za nyumbani hukosea. Hii ndiyo tabia ya huku. Watu ni waungwana, miadi inafuata saa, barua inafika kweli, lakini namba ikishakaa kwenye kisanduku cha njano hakuna anayeitilia shaka. Na jambo linalonishangaza mpaka leo: kila fomu inakuuliza asili yako, unaweka alama kwenye kiboksi cha Mwafrika, halafu hakuna anayetumia habari hiyo pale inapohitajika. Sidhani ni ubaya. Mfumo umewekewa njia moja, na anayepita pembeni lazima ajisemee mwenyewe. Sisi tumelelewa kutobishana na daktari. Huku ukinyamaza, wanaandika kwamba umeridhika.

Kilichofungua mlango ni ombi la wazi. Usiseme "nahisi kipimo kimekosea". Sema: "HbA1c yangu hailingani na sukari ninayopima, naomba sukari ya damu ya mshipa kabla ya kula, picha kamili ya damu pamoja na hesabu ya chembe changa, na kipimo cha G6PD na cha aina za himoglobini." Sukari ya mshipa kabla ya kula haitegemei umri wa chembe kabisa, na ikifika 7.0 au zaidi katika siku mbili tofauti, hicho ni kisukari hata kama HbA1c inatabasamu. Yangu ilitoka 7.6, kisha 7.4. Chembe changa zilikuwa nyingi kuliko kawaida, ishara kwamba mwili unatengeneza mpya haraka kufidia zinazokufa. G6PD ilikuwa chini.

Usikubali HbA1c peke yake. Narudia kwa sababu kuna njia nyingine za kuingia kwenye mtego huohuo bila kinasaba chochote. Umepoteza damu nyingi, umeongezewa damu, umetoka kuchangia damu, una mimba, unasafishwa figo: zote hizo hubadilisha umri wa chembe zilizomo, na nyingi zao huishusha namba. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume, namba hupanda bila sukari kupanda, kwa kuwa chembe mpya ni chache na kongwe ndizo zilizobaki. Shemeji yangu nusura aanzishiwe vidonge kwa sababu hiyo. Alipotibiwa upungufu wa damu, namba ikashuka yenyewe. Ukiwa umepita mojawapo ya hayo, subiri kama miezi mitatu mambo yakishatulia ndipo uiamini HbA1c. Na mwenye selimundu kamili, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, asipimwe HbA1c kabisa. Hana himoglobini ya kawaida ya kuhesabiwa, na chembe zake zinaishi muda mfupi mno.

Kufuatilia maendeleo, mimi sasa natumia kidole pamoja na kipimo kiitwacho fruktosamini. Hicho kinaangalia sukari iliyonata kwenye protini za majimaji ya damu badala ya chembe, kwa hiyo kinaeleza wiki mbili au tatu zilizopita. Nacho kina mpaka wake: ugonjwa wa figo au ini unaopunguza protini utakipotosha.

Kinasaba cha G6PD hukaa kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo wanaume ndio hupatwa zaidi, na hukipata kwa mama. Kama kimeonekana kwako, waambie kaka zako wa tumbo moja. Zaidi ya HbA1c, kuna dawa zinazoweza kuvunja damu ya mtu wa namna hiyo, primakwini ikiwa mojawapo.

Mwisho, hakikisha limeandikwa kwenye faili lako kwamba HbA1c haifai kwako, na sababu yake. Ukihama mji au daktari akibadilika, mgeni ataona 6.1, atakupongeza na kukupunguzia dawa.