Kijerumani: vitenzi viwili vinapokutana kwenye koma

Katika sentensi kuu ya Kijerumani, kitenzi hukaa nafasi ya pili. Nafasi, si neno. «Ich arbeite heute» ni sawa, lakini ukianza na heute (leo), mtenda anahamia nyuma ya kitenzi: «Heute arbeite ich». Sisi tuliozoea «Leo mimi ninafanya kazi» huteleza hapo na kusema «Heute ich arbeite».

Ukitumia weil (kwa sababu) au dass (kwamba), kitenzi cha kishazi hicho husukumwa hadi mwisho: «Ich bleibe zu Hause, weil ich krank bin», yaani nabaki nyumbani kwa sababu ninaumwa.

Sasa anza na sababu. Kishazi chote cha weil kinahesabiwa kuwa nafasi ya kwanza, hata kiwe kirefu vipi, kwa hiyo kitenzi cha sentensi kuu hufuata papo hapo: «Weil ich krank bin, bleibe ich zu Hause». Bin na bleibe vinatenganishwa na koma tu. Ukishaandika, kagua hapo: ukikuta ich mara baada ya koma hiyo, umekosea.

Denn nayo ni «kwa sababu», ila haisukumi kitenzi: «denn ich bin krank».