Kuandika mkate wa kumimina wa shangazi: kutoka kukisia mpaka gramu

Mzee akiulizwa kipimo cha sukari hujibu, "Tia mpaka ikutoshe." Hafichi kitu. Mkono wake ndio kipimo, na mkono hauandikiki. Kwa hiyo kazi ya anayekusanya mapishi ya ukoo ni kuupima mkono huo bila ya kuusumbua. Ukishika daftari ukauliza maswali tu, utapata orodha ya vitu, na orodha haipiki.

Hapa natumia mkate wa kumimina, kwa sababu kila nyumba Unguja na Pemba inao wake, na kwa sababu ndio unaowashinda vijana zaidi. Ukiweza kuuandika huu, boko boko na visheti havitakusumbua.

Hatua ya 1: Siku na ruhusa

Usiende Ramadhani baada ya alasiri. Jiko limejaa, adhana ya magharibi inakaribia, na hakuna mtu atakayekuvumilia na mizani yako. Mwezi wa Shaabani ni mzuri, au asubuhi yoyote ya kawaida. Mkate huu unaanza usiku kwa kuroweka mchele, kwa hiyo fika jioni ya siku iliyotangulia, la sivyo utakuta nusu ya kazi imeshafanyika bila ya wewe.

Mueleze pia karatasi itafika wapi. Wako wazee wanaoishi kwa kuuza mikate; mapishi yao hayaendi kwenye kundi la Watsap la ukoo bila ya wao kuridhia.

Hatua ya 2: Pima chombo, si kiungo

Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, jagi lenye alama za mililita, vijiko vya kupimia na simu ya kurekodi sauti. Siri ni kutomuomba mzee apime. Pima mfuko wa sukari kabla hajaugusa, muache achote kwa kikombe chake cha kila siku, halafu pima tena mfuko. Tofauti ndiyo aliyotia.

Kwa shangazi mmoja wa Wete hesabu ilikwenda hivi. Mfuko wa sukari ulikuwa gramu 1,000, ukabaki 785: sukari ni gramu 215. Jagi la tui zito lilikuwa na mililita 500, likabaki na 160: tui lililotumika ni mililita 340. Yeye mwenyewe alikuwa na hakika kwamba ametia "tui kidogo tu".

Mchele unataka uangalifu zaidi. Upime mkavu, kisha upime tena baada ya kurowekwa na kuchujwa vizuri. Wake ulikuwa gramu 500, asubuhi ukawa 640. Zile gramu 140 ni maji, nayo yanaingia kwenye uji kama tui linavyoingia. Kijana asiyechuja mchele wake vizuri ataongeza maji bila ya kujua, kisha atalaumu hamira. Andika pia ni mchele gani, maana wa mapembe na wa basmati havinywi maji sawasawa wala havisagiki sawasawa.

Hamira na iliki ni nyepesi mno kwa mizani ya jikoni. Muombe mzee aimwage hamira kiganjani kama kawaida yake, kisha uipokee kwa kijiko cha chai uone: kimejaa flati au kina kilima? Shangazi alitia kijiko kimoja flati. Iliki alihesabu punje saba akazitwanga.

Hatua ya 3: Andika alama, si dakika tu

Hii ndiyo sehemu inayorukwa na wengi, na ndiyo mapishi yenyewe. Dakika hubadilika kwa joto la siku na kwa makaa. Anachokiona mzee hakibadiliki. Kila anapoacha jambo moja na kuanza jingine, muulize papo hapo: "Shangazi, umejuaje kama tayari?" Acha simu irekodi.

Aliposaga mchele na tui, alizima mashine, akachukua tone la uji akalisugua baina ya vidole viwili. "Ukisikia mchanga, mwanangu, bado." Akasaga tena mpaka vidole vikateleza. Hilo liandikwe vilevile alivyosema.

Hamira alitia kwenye uji ule, akaufunika. Sukari hakuitia bado. Nilipomuuliza akasema uji utakuwa maji. Ni kweli: sukari ikiyeyuka hulegeza uji, kwa hiyo uji usio na sukari lazima uonekane mzito kuliko unavyotaka mwisho. Anayefuata orodha tupu, akatia kila kitu pamoja, huuona mwepesi na hajui kosa liko wapi.

Uji ulipoumuka na kujaa mapovu madogo juu, alitia sukari, akakoroga polepole kwa upawa na kuunyanyua. Uji ulishuka kwa uzi usiokatika. Mapovu makubwa yanayopasuka na harufu ya uchachu ni dalili kwamba umeumuka kupita kiasi. Mkate huo utapanda, kisha utabonyea katikati.

Moto nao una alama zake. Sufuria ilipashwa na mafuta kwanza, tone la uji likatiwa na kulia "chwii", ndipo akamimina wote. Kingo zilipokauka na vitundu kutokea juu, alipunguza makaa ya chini na kutia makaa juu ya mfuniko. Kijiti kikichomwa katikati kikitoka kikavu, umeiva. Siku ile ilichukua kama dakika 35. Andika dakika hizo, lakini ziweke baada ya alama.

Hatua ya 4: Pika mwenyewe, yeye akae kimya

Safisha maandishi, kisha pika mbele ya mzee kwa kufuata karatasi tu. Atatamani kukusahihisha, muombe asubiri mpaka mkate ushuke. Kila anapokunja uso, weka alama pembeni mwa mstari huo. Ndipo yatakapotoka mambo ambayo hakuyasema mwanzo kwa kuwa kwake ni ya kawaida mno. Kwa mfano, tui liwe limepoa, maana tui la moto huua hamira.

Baadaye mpe karatasi kijana ambaye hajawahi kuupika, wewe usiwepo. Akikupigia simu kuuliza, swali lake ni mstari unaokosekana. Uongeze.

Hatua ya 5: Shangazi wawili, karatasi mbili

Mwengine atasema mkate bila ya ute wa yai si mkate. Usichanganye mapishi yao kutafuta suluhu, maana utapata mkate ambao hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuula. Kila mmoja apate karatasi yake, yenye jina lake, mji wake, tarehe, aina ya mchele na aina ya jiko. Anayetumia ovena aandikiwe mstari wake peke yake: digrii 180, na sufuria ipashwe kabla ya kumimina.

Sauti na maandishi vipe jina moja ili visipoteane, kwa mfano:

```
mkate-kumimina_wete_toleo2.txt
mkate-kumimina_wete_toleo2.mp3
```

Ukibadilisha kipimo, usifute toleo la zamani. Fungua la tatu na uandike juu yake nani kabadilisha na kwa nini. Chapisha nakala moja, uitie kwenye mfuko wa plastiki, uitundike jikoni, kwa sababu mwenye mikono ya nazi hashiki simu.