Teamfight Tactics: kuzungusha duka taratibu hadi upate nyota tatu

Katika mchezo huu unanunua wahusika dukani kwa dhahabu na kuwapanga uwanjani wapigane na timu za wenzako. Mbinu hii inamhusu mchezaji anayetegemea wahusika wa bei ya dhahabu 2. Nakala tatu za mhusika mmoja huungana zenyewe kuwa nyota mbili. Wa nyota mbili wakifika watatu huungana kuwa nyota tatu, yaani nakala tisa kwa jumla. Uhai huzidishwa kwa 1.8 kila anapopanda nyota, ndiyo maana mhusika wa bei ndogo anaweza kubeba timu nzima.

Hatua ya 1: Panda hadi levo 6, kisha usimame hapo. Kwenye levo hii, kila nafasi kati ya tano za duka ina uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kuleta mhusika wa bei 2. Asilimia hubadilika kidogo kati ya seti na seti, yaani matoleo ya mchezo, lakini zinaonekana juu ya duka.

Hatua ya 2: Kusanya dhahabu hadi 50. Kila 10 ulizoweka akiba hukupa riba ya dhahabu 1, mwisho 5 kwa raundi. Kuzungusha duka, yaani kuleta wahusika watano wapya dukani, kunagharimu 2. Ukiwa na 58, zungusha mara nne, ubaki na 50. Raundi ijayo unapokea 5 za kawaida na 5 za riba, unafika 60, unazungusha mara tano. Ukishuka hadi 38 riba inakuwa 3, na hizo 2 zilizopotea ni duka moja zima kila raundi. Ukinunua mhusika, hesabu bei yake pia.

Hatua ya 3: Usimfukuzie mmoja. Duka moja huleta kwa wastani wahusika wawili wa bei 2, lakini aina zao kwenye seti huwa kama 13. Unayemtaka atatokea takriban mara moja katika maduka sita au saba. Ukikusanya watatu kwa pamoja, maduka mengi yatakuwa na kitu cha kununua.

Hao watatu wawe na sifa moja, kwa sababu sifa hufunguka kwa ngazi kulingana na idadi ya wahusika wenye sifa hiyo uwanjani, tuseme 2, 4 na 6. Ongeza wa nne mwenye sifa hiyo, ngazi ya pili inawaka. Wa tano hakuongezei chochote, na nafasi yake apewe mtu anayefungua sifa nyingine. Nakala mbili za mhusika yuleyule uwanjani huhesabiwa mara moja tu. Huku ndiko wengi wanakopotea: wanaona watu wanne, sifa inasoma tatu.

Hatua ya 4: Chungulia mbao za wenzako kila raundi. Wachezaji wote wanane wanachota nakala kutoka kwenye fungu moja. Ukimwona mwingine ana nakala tano za mhusika wako, na wewe unazo tatu, mwachie. Kuuza mhusika wa nyota moja hurudisha bei yote, kwa hiyo kubadilisha mapema hakukugharimu dhahabu.